Gesi Imeisha, Nani Alijua?

"Dada wa kazi tunaye, kodi nalipa mimi, ada nalipa mimi. Mke wangu anakwenda kazini kama mimi. Sasa hapa nyumbani anachoshwa na nini?"

Ndivyo anavyouliza mume mmoja. Tuanze na mtungi wa gesi. Chukua nyumba ya kupanga Tabata: mke na mume wote waajiriwa, watoto wawili, dada mmoja, mtungi wa kilo 15. Jumatano jioni mke anaunyanyua mtungi kidogo, anauona mwepesi. Anapiga hesabu: hii ni wiki ya tano, Jumamosi kuna wageni, maharage yatachemka muda mrefu. Hautafika. Usiku anasema, "Gesi inakaribia kuisha." Mume anampigia muuzaji, bodaboda inaleta mtungi, analipa, anaufunga mwenyewe. Muulize nani anashughulikia gesi pale nyumbani, atakwambia ni yeye, na hasemi uongo.

Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alichapisha utafiti wa jozi 35 za wenzi wa Marekani. Aliigawa kazi hii ya kichwani, ya kuwaza na kupanga mambo ya nyumba, katika hatua nne: kuona mapema kinachohitajika, kutafuta njia, kuamua, kisha kufuatilia. Kuamua walishirikiana zaidi. Kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake. Marekani si Tabata, lakini mtungi wetu umepita njia hiyohiyo. Mume ameingia pale kazi ilipokwisha kuwa na jina, na pale inapoonekana.

Dada wa kazi hapunguzi sehemu hii, wakati mwingine anaiongeza. Saa nne asubuhi mama yuko kwenye kikao, simu inatetemeka: "Mama, mchana nipike nini?" Baba naye ana simu, tena pengine ofisini kwake leo hakuna pilikapilika, ila hajawahi kuulizwa. Shule nayo, mtoto akipata homa, inaanza na namba ya mama. Kisha kuna kazi ya moyo: wifi amejifungua, nani amempigia? Mama mkwe amenuna, nani atamtuliza? Mume akisahau, ukoo utasema yuko bize. Mke akisahau, ana dharau.

Hata hivyo, muulizaji wetu hana hoja ya kutupwa. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo nayo inakaa kichwani, na mwenye nyumba hampigii simu mke. Ada ya mdogo wake kijijini, michango ya misiba, ujenzi uliosimama kwenye msingi: wanaume wengi huyabeba haya kimyakimya, na nadhani wanawake wengi hawajui uzito wake. Sheria yenyewe imemwelemea mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mke. Akisema "tukigawana vyombo sawasawa, tugawane na kodi", anastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa hasira.

Basi hesabu iwe kamili. Katika nyumba nyingi mshahara wa dada, mboga, viatu vya shule na nauli za dharura hutoka kwa mke, vijihela ambavyo havina risiti. Tena kodi huja mara mbili kwa mwaka na inaweza kuombewa wiki moja. Chakula cha mchana huja kila siku na hakiombewi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ajabu yake, mchango huo huhesabiwa ndoa inapovunjika.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye neno "kusaidia". Anayesaidia husubiri kutumwa, na kutuma nako ni kazi. Kwangu tulichogawana ni maeneo mazima. Gesi, LUKU na maji ni vyangu, kuanzia kunyanyua mtungi hadi kunusa kama unavuja. Mwezi wa kwanza gesi iliniishia maharage yakiwa nusu. Mke wangu alikaa kimya, na kwake hilo lilikuwa gumu kuliko kununua mtungi mwenyewe. Angekimbilia kuokoa jahazi, eneo lingemrudia. Lakini baadaye nilipochukua na mlo wa jioni, alianza kukagua nilivyokata vitunguu, tukagombana wiki nzima. Ukimkabidhi mtu jiko, umemkabidhi na vitunguu vyake.

Tulijua mgawanyo umeshika siku moja saa nne asubuhi. Simu yangu ilitetemeka kikaoni. Dada: "Baba, usiku nipike nini?" Sikuwa na jibu.