Tawi likifungwa, nani analifuta?

Tawi jipya la kampuni likifunguliwa, kazi ina wenyewe. Tarehe imepangwa, bango limechapishwa, na watu wa matangazo wanahakikisha tawi limeingia kwenye ukurasa wa kutafuta matawi kabla rangi haijakauka ukutani. Likifungwa, hakuna mwenyewe. Meneja amehamishiwa kwingine, simu imekatwa, funguo zimerudi kwa mwenye jengo, na rekodi ya tawi inabaki kwenye hifadhidata kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kwamba kuifuta ni kazi yake. Kwa maoni yangu, hilo linapoteza wateja wengi kuliko hitilafu za kompyuta.

Hitilafu zenyewe zipo, na ya kwanza hutokea kabla hujaona tawi lolote. Ukurasa huomba ruhusa ya kujua ulipo. Ukikataa, kurasa nyingi hukisia kwa kutumia anwani ya IP, ambayo inaweza kuonyesha mji ambako mtandao wako unatokea, si mahali ulipoketi. Utajua ukiona matawi yote ya juu kwenye orodha yako katika mji mwingine. Hapo usihangaike kuufungua ukurasa upya. Andika mwenyewe jina la mtaa au msimbo wa posta.

Ya pili ni umbali. Kurasa nyingi hupima mstari ulionyooka kati ya nukta mbili, kana kwamba unaruka kama kunguru. Tuseme tawi la kwanza liko kilomita 1.8 kutoka kwako, la pili kilomita 3.1, lakini kati yako na lile la kwanza kuna mto, na daraja liko kilomita 4 juu. Utapanda hadi darajani, uvuke, ushuke tena: karibu kilomita 9. La pili, kwa barabara, huenda lisizidi 4. Ukurasa bado utaliweka la kwanza juu. Ndiyo maana ni vizuri kuchukua matawi matatu ya mwanzo na kuyapima kwenye ramani inayofuata barabara.

Turudi kwenye rekodi zilizopitwa na wakati, maana hapo ndipo penye mzizi. Orodha ya kampuni haikai mahali pamoja. Makao makuu hutuma faili ya matawi kwa kampuni za ramani, na tovuti nyingine za orodha za biashara hunakili kutoka huko. Sasa tawi limefungwa, na karani mwangalifu amefuta mstari wake kwenye faili. Kazi imekwisha? Hapana. Faili inayofuata haisemi kwamba tawi limefungwa. Haisemi chochote kulihusu. Mpokeaji asiyeambiwa kitu anaweza kuchukulia kwamba hakuna kilichobadilika, akaliacha tawi lilivyo. Njia sahihi ni kuuacha mstari ule, uandikwe kwamba tawi limefungwa, na utumwe hivyo hadi kila mpokeaji ausome. Vilevile ukurasa wa tawi lenyewe: ukiondolewa kwenye orodha lakini seva ikaendelea kuufungua badala ya kujibu `404` au `410`, yaani kwamba ukurasa haupo, injini za utafutaji zitaendelea kuwaletea watu saa za kazi za duka lisilokuwepo.

Basi mteja ajuaje? Wengi hupiga simu, na wazo ni zuri, ila tazama namba kwanza. Ikiwa matawi yote yana namba ileile, unapiga kituo cha huduma kwa wateja, na anayepokea huenda anasoma hifadhidata hiyohiyo unayoitilia shaka. Atakuhakikishia kosa kwa sauti ya upole. Omba namba ya tawi lenyewe.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni bidhaa. Kama tovuti inaruhusu kununua mtandaoni na kuchukua dukani, weka kitu cha kawaida kikapuni, kisha tazama kama tawi lako linaweza kuchaguliwa. Sehemu hiyo kwa kawaida hufungamana na hesabu ya mali iliyopo dukani, na kosa la huko huigharimu kampuni fedha mara moja, kwa hiyo hurekebishwa upesi kuliko ukurasa wa anwani. Pasipo huduma hiyo, angalia tarehe za maoni na picha za wateja kwenye ramani. Duka lililokuwa likipata maoni kila wiki, kisha likanyamaza miezi mitano, linakuambia kitu.

Ukigundua kosa, usiishie kuripoti kwenye ramani. Marekebisho yako yanaweza kukubaliwa leo, kisha faili ya makao makuu, ambayo bado ina tawi lile, ikalifufua. Waandikie na kampuni yenyewe, ukitaja anwani kamili ya tawi na namba ya utambulisho wake kama ipo kwenye kiungo cha ukurasa.