Nilisema Sumaku Haifanyi Kazi

Kwanza kabisa, mimi sikunyanyuliwa. Mwalimu mwenzangu wa Kemia amezunguka stafu rumu nzima na magrupu yote akisema nimening'inizwa kwenye kreni kama shati kwenye kamba. Muongo. Kilichonyanyuliwa ni baiskeli. Mimi nilikuwa nimeishika tandiko tu, na nililiachia mapema. Mapema kiasi.

Chanzo ni Kiswahili. Darasani nafundisha Fizikia kwa Kiingereza, na miaka yote hakuna aliyewahi kununa. Wiki iliyopita nikawapeleka Kidato cha Sita kwenye yadi moja ya vyuma chakavu wakaone sumaku ya umeme, lile sahani kubwa jeusi linaloning'inia kwenye kreni. Vijana wa yadi nao wakasogea kusikiliza. Nikaona si adabu kuwaacha nje ya mazungumzo, nikabadili lugha. Nikanyoosha kidole juu, sauti ya kuhubiri, nikasema: "Sikilizeni kwa makini. Sumaku hii haifanyi kazi."

Opereta akazima redio.

(Mnaocheka sasa hivi, mngekuwepo mngekimbia.)

"Mwalimu wangu, haifanyi kazi kivipi? Nimeifanyia sevisi kwa mikono yangu."

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikaanza kufafanua. Nikamwambia kani ya sumaku kwenye chaji ya umeme inayotembea hukaa pembe mraba na mwendo wa hiyo chaji, kila sekunde, bila kukosa. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti, anakimbia kuzunguka. Kamba inamvuta kuelekea mti, yeye anakwenda ubavuni. Kamba inamkunja njia, lakini haimwongezei mbio wala haimpunguzii. Elektroni mbele ya sumaku ndiyo huyo mbuzi. Kani isiyosukuma mbele wala kuvuta nyuma, kwa hesabu za fizikia, kazi yake ni sifuri. "Kwa hiyo," nikamalizia, maskini mimi, "sumaku haijawahi kufanya kazi yoyote tangu dunia iumbwe."

Opereta hakujibu. Alipanda kwenye kibanda chake.

Sasa hapa naomba niende polepole, maana ndipo mwenzangu wa Kemia anapodanganya.

Baiskeli yangu, ile ya chuma kitupu ya kizamani, kilo 20 hivi, ilikuwa imesimama kwa stendi pembeni ya lundo. Kwenye keria nimefunga kwa mpira sufuria langu dogo la alumini, wali maharage. Sahani likaja juu yake, likashuka taratibu, likasimama. Kimya. Nikadhani ananitisha tu, nikashika tandiko kwa madaha.

Kikasikika "klak" kutoka kibandani. Kengele ya baiskeli ikalia yenyewe. Naapa. Halafu usukani ukageuka, polepole, ukaangalia juu kama mtu aliyeitwa jina. Gurudumu la mbele likaacha ardhi. Pengo lililobaki lilikuwa kama upana wa kiganja changu, sentimita 10 hivi, na baiskeli ikaliruka lote mara moja: KWA! Hapo ndipo nilipoachia. Kreni ikaanza kupandisha, baiskeli imelala upande, pedali inazunguka hewani. Mpira wa keria ukateleza, na sufuria likashuka peke yake, kwa sababu alumini haina habari na sumaku. Wali ulitua kwanza. Maharage yakafuata, juu ya kiatu changu.

Kimya kikatawala, kisha binti mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa heshima zote: "Mwalimu, kama sumaku haijafanya kazi, baiskeli imepandishwa na nani?"

Nitoe siri: swali hili limewatesa watu wenye elimu kuliko yangu. Mimi niliokolewa na opereta. Aliona nimebabaika, akapiga kelele kutoka juu: "Mwalimu, njoo uone mshale! Kila chuma kikiruka, mshale wa mita ya ampea unadondoka kidogo, halafu unarudi!"

Nilitamani kumkumbatia. Ndani ya lile sahani kuna koili, waya uliozungushwa mara nyingi, na jenereta ndiyo inayosukuma umeme ndani yake. Chuma kikiwa karibu na koili, chenyewe hugeuka sumaku. Kikisogea, uga wa sumaku unaopita katika koili unabadilika, na badiliko hilo linazaa umeme unaoupinga mkondo wa koili. Ndiyo maana mshale unadondoka. Jenereta inalazimika kusukuma dhidi ya upinzani huo, na pale ndipo nishati inapotoka. Kuinua kilo 20 kwa sentimita 10 ni jouli 20 hivi: bili ya jenereta. Kupanda mita tatu baada ya hapo ni jouli 590 hivi, nazo zimelipwa na injini ya kreni, maana wakati huo sumaku imeshikilia tu.

Mzee mwenye yadi akauliza, basi sumaku ina faida gani? Nikamwonyesha ubao wanaoegesha kwenye lori ili kupandisha toroli. Ubao unasukuma toroli kwa pembe mraba na njia yake tu, kwa hiyo ubao nao kazi yake ni sifuri. Lakini toa ubao uone kama toroli litapanda. Kijana anasukuma kwenda mbele, ubao unageuza msukumo huo uende juu, na jasho ni la kijana. Sumaku ni ubao. Jenereta ndiyo kijana. Mzee akatikisa kichwa, akasema hata yeye ana wafanyakazi wa aina ya ubao.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini kuna mwanafunzi akachomoa mfukoni sumaku ya spika, akanyakua msumari. "Na hii, mwalimu? Haina waya."

(Huyu nitamkumbuka wakati wa kusahihisha.)

Nikamjibu ukweli. Usumaku wa chuma hautokani hasa na elektroni kukimbia huku na huko. Unatokana na spini, usumaku ambao elektroni imezaliwa nao, na ile sheria ya pembe mraba imeandikwa kwa chaji inayotembea, haisemi lolote kuhusu spini. Kwa hiyo hapo usibishane kwa kutumia yule mbuzi. Hesabu nishati tu: msumari ukiwa mbali, nishati ya sumaku na msumari kwa pamoja ni kubwa zaidi. Ukisogea inapungua, na tofauti ndiyo iliyounyanyua. Ukitaka kuubandua, mkono wako unairudisha yote. Ndiyo maana sumaku ya spika inanyakua misumari mwaka mzima na haichoki. Inakopesha, na wewe unalipa.

Basi. Opereta alizima umeme, baiskeli ikaendelea kung'ang'ania kwa usumaku uliosalia, ikabidi ageuze mkondo kidogo ndipo iachie. Rimu imepinda. Kiatu kimefuliwa. Wanafunzi wamenichangia chipsi.

Jana nimeipeleka kwa fundi. Kafungua gurudumu la mbele, gololi hazimwagiki, zimeshikana kama mkufu. Kamwaga tena, zimeng'ang'ania bisibisi. Kanitazama.

"Mwalimu, hii baiskeli umeipitisha wapi?"

Nikamwambia kwenye sumaku mbovu, haifanyi kazi. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na ameshika simu tayari, ni yule wa Kemia.