Dakika za Jirani

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, ana gari, na ana uongo. Muulize anatumia muda gani kufika Nakasero: "Dakika 18 tu, ndugu yangu!" Kumbe saa yake inaanza gari likishaingia barabarani, na inasimama akiliona jengo la ofisi. Kuliona jengo ndiyo kufika? Mimi Rwenzori nimeiona, je, nimeipanda?

Haya, tuhesabu mlango kwa mlango. Njia ni kama kilomita 6. Siku barabara ina huruma, gari lake linakwenda kilomita 20 kwa saa, yaani dakika 3 kila kilomita. Hizo ndizo 18 zake. Ongeza 3 za kumwamsha mpangaji aliyemzibia geti, 7 za kuzunguka akitafuta maegesho huku kila nafasi ina tofali la mwenyewe, na 6 za kurudi kwa miguu kutoka huko alikoegesha. Jumla 34.

Mimi na baiskeli yangu: dakika 4 kila kilomita, 24. Kufunga mnyororo 2, kukausha jasho chooni na kubadili shati 4. Mnaosahau shati, wenzenu ofisini hawasahau. Jumla 30.

Sasa mpaka uko wapi? Nyongeza zake ni 16, zangu 6, namdai dakika 10. Barabarani ananipunguzia dakika 1 kila kilomita. Kwa hiyo zinamalizika kilomita ya 10. Chini ya hapo namshinda, juu ya hapo apite na salamu zangu. Foleni ikikaza akashuka hadi kilomita 10 kwa saa, kila kilomita inamla dakika 6, basi mpaka wenyewe unatoweka. Kinachobaki ni magoti yangu.

Ila Kampala ni vilima, nisijisifu. Kilomita moja ya kupanda inanila dakika 6 badala ya 4. Faida yangu ilikuwa dakika 4, kwa hiyo kilomita mbili za mpando zinaimeza yote, na huko juu napumua mdomo wazi, abiria wa boda wananipa pole.

Jumapili asubuhi ndiyo usiseme. Barabara tupu, anakwenda 40 kwa saa, anaegesha mlangoni kabisa. Nyongeza zake zinabaki 3 za geti tu. Hapo namshinda labda nikienda dukani bila kubadili shati, tena duka lisifike mita 400.

Tena kuna bosi wetu. Nafasi yake ya maegesho imepakwa rangi na kuandikwa cheo chake, hatua tano tu kutoka lifti, na geti anafunguliwa na askari. Nyongeza zake hazifiki dakika 4, pungufu hata ya shati langu. Bila foleni, huyo simshindi hata kwa mita 100. Na ndiye aliyetuandikia barua kutuuliza kwa nini watu wa Ntinda tunachelewa, ilhali ni dakika 18 tu.