Potasiamu ya kawaida isitufumbe macho

Wengi tuliosomea utabibu tulikariri hivi: tezi za adrenali zikishindwa kazi, sodiamu hushuka na potasiamu hupanda. Ni kweli, lakini kwa aina moja tu ya ugonjwa huu. Naamini kukariri huko kumechelewesha tiba ya wagonjwa wengi, na mmoja wao alikuwa wangu.

Alikuwa mama wa miaka 38. Kwa miezi mingi alikuwa mchovu, chakula hakimpandi, kichefuchefu hakimwishi, na siku aliyoletwa alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. Sodiamu yake ilikuwa 117 mmol/L, potasiamu 4.2. Kreatinini haikuwa na tatizo, miguu haikuvimba, ulimi haukuwa mkavu. Mkojo ulikuwa mzito, na ndani yake mlikuwa na sodiamu 52. Tuliiona potasiamu ile, tukaziondoa adrenali kwenye orodha ya washukiwa. Tukaandika kwamba vasopresini, homoni inayozuia figo kutoa maji, imezidi bila sababu, tukampunguzia maji ya kunywa. Siku ya tatu sodiamu ilikuwa 116.

Aliyetuzindua ni muuguzi wa zamu. "Daktari, huyu mama anasema uzazi wake wa mwisho alivuja damu nyingi sana. Maziwa hayakutoka, na tangu hapo hajaona hedhi."

Kuvuja damu vile wakati wa kujifungua kunaweza kuua sehemu ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tulipima kortisoli saa 2 asubuhi, ikaja 55 nmol/L. Kwa mtu mzima wa afya kiwango hicho cha asubuhi ni kidogo mno. Kwa mgonjwa aliyelemewa namna ile, ambaye kortisoli ilitakiwa iwe imepanda, kinatisha.

Kwa nini basi potasiamu ilikuwa sawa? Adrenali hutoa homoni mbili zinazotuhusu hapa. Aldosteroni huiambia figo irudishe sodiamu na kutoa potasiamu, na bosi wake mkuu ni renini kutoka kwenye figo zenyewe. Kortisoli ndiyo inayosubiri amri ya pituitari. Pituitari ikifa, kortisoli hukatika lakini aldosteroni huendelea na kazi, kwa hiyo potasiamu hutulia. Sodiamu hushuka kwa njia nyingine: kortisoli ndiyo huizuia vasopresini isizidi, na ikikosekana maji hubaki mwilini na kuizimua sodiamu iwe nyepesi. Ndiyo maana vipimo vya mkojo vya mama yule vilifanana kabisa na vya mtu ambaye vasopresini yake imezidi kwa sababu ya nimonia au dawa. Vipimo vya chumvi peke yake haviwezi kuwatenganisha wawili hao. Kortisoli ndiyo hutenganisha, na kwa maoni yangu hakuna ruhusa ya kuandika utambuzi ule wa vasopresini kabla haijapimwa.

Adrenali zenyewe zikiharibika, aldosteroni nayo hupotea, na hapo ndipo picha tuliyoikariri hutokea: potasiamu juu, shinikizo chini, ngozi kuwa nyeusi hasa kwenye mikunjo ya viganja na fizi, hamu kubwa ya chumvi. Hata hapa potasiamu inaweza kudanganya, maana wapo ambao haipandi, hasa wakitapika sana. Mgonjwa wa namna hiyo hudhaniwa ana tumbo tu. Kinachonisaidia ni sodiamu ya mkojo. Aliyekaushwa na kuhara huishikilia, kwa kawaida mkojo wake huwa na chini ya 20 mmol/L. Mwenye adrenali zilizoharibika huendelea kuipoteza ingawa amekauka. Kutapika sana na dawa za kuongeza mkojo huweza kuipandisha pia, kwa hiyo historia ya dawa lazima iulizwe. Na potasiamu iliyo juu nayo irudiwe kupimwa kama damu ilivunjika kwenye sindano.

Tulimpa mama haidrokotisoni, na hapa ndipo hatari ya pili ilipojificha. Kortisoli ikirudi, vasopresini huzimika na figo hufungulia maji. Ndani ya saa chache mfuko wa mkojo ulikuwa unajaa mkojo mweupe kama maji ya bomba. Sodiamu ikipanda kwa kasi baada ya kukaa chini siku nyingi, inaweza kuharibu ubongo, na madhara yenyewe huonekana siku kadhaa baadaye. Tulipima kila saa 2, tukilenga isipande zaidi ya 8 kwa saa 24. Ilipokaribia hapo tulimrudishia maji kwa dripu ya glukosi. Kesho yake aliniuliza jina langu, kisha akaomba uji.

Kama shinikizo limeanguka, usisubiri majibu. Chukua damu ya kortisoli, na dakika hiyohiyo mpe haidrokotisoni 100 mg kwenye mshipa pamoja na dripu ya chumvi.