Kikao Kitaanza Saa Nane, na Sina Ubaya na Mtu

Huu ni mwezi wangu wa saba nikiwa katibu wa chama chetu cha michango na mikopo hapa Manyatta, Kisumu, na katika muda huo wote sijawahi kuandika mwaliko wa kikao bila mtu mmoja kunipigia simu usiku kuniuliza ni yeye niliyemlenga au ni mwingine. Tuko wanachama 18, tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na saa nane mchana ilichaguliwa kwa sababu nzuri tu: ibada huwa zimekwisha, watu wamekula, na wale wenye meza sokoni Kibuye bado wana muda wa kurudi kufunga biashara kabla ya giza. Jambo lenyewe ni dogo. Kikao kianze saa nane, na atakayekuja baadaye aelezwe yaliyopita kikao kikiisha. Sasa jaribu kuliandika, uone utakavyoitwa.

Mara ya kwanza niliandika hivi katika kundi letu la wasapu: "Kikao kitaanza saa nane kamili. Watakaochelewa wajue kwamba hawatasubiriwa." Nikaweka simu chini nikiwa na amani ya mtu aliyefanya kazi yake. Nilipoichukua tena, fundi wetu wa pikipiki alikuwa ameandika kwamba hata mwenye nyumba wake humdai kodi kwa upole kuliko huo, na mama mmoja aliyeniheshimu miaka yote aliuliza, "Katibu, tumekukosea nini?" Nilikasirika, kisha nikausoma ujumbe wangu tena kama mtu aliyetumiwa na mwingine, nikaona kwamba walikuwa na haki. Neno "wajue" halisemwi ila kidole kikiwa kimeinuliwa. "Watakaochelewa" nalo limeshaunda kundi la wakosaji siku nne kabla ya kosa, na kila msomaji anajiona ndani yake, akiwemo yule asiyechelewa kamwe. Na "hawatasubiriwa" hufunga mlango bila kumwambia mtu afanye nini akiukuta umefungwa, kwa hiyo mwenye aibu, akiona saa nane imempita akiwa bado Kondele anatafuta tuktuk, hurudi nyumbani kabisa. Kikao hicho watatu hawakuja, na wote watatu walikuwa na udhuru wa kweli.

Mwezi uliofuata nilimkabidhi mke wangu kalamu, kwa kuwa yeye ana maneno matamu. Akaniandikia: "Wapendwa, tunawaomba, ikiwezekana, tujitahidi kufika mapema kidogo ili tuweze kuanza mnamo saa nane." Kundi zima lilifurahi. Yaliwekwa maua, yakawekwa mikono iliyokunjwa kwa sala, na mtu mmoja akasema kwamba katibu ameokoka. Jumapili ilipofika tulikuwa watu sita saa nane, na watu sita tukaendelea kuwa mpaka saa tisa u nusu. Mweka hazina, ambaye hawezi kukaa bure bila kupiga hesabu, alitoa kikokotoo chake akazidisha dakika 90 kwa watu sita, akapata dakika 540, yaani saa tisa. "Katibu," akasema, "tumepoteza siku nzima ya kibarua na bado hatujafungua kwa maombi." Kosa lilikuwa katika maneno yaleyale yaliyopigiwa makofi. "Ikiwezekana" ni ruhusa ya kutokuja mapema, na "mnamo" ni kama boma lisilo na ua, maana mtu huingia popote anapotaka.

Na wakishafika ndipo taabu inapoanza. Sisi huku hatuingii chumbani tukaketi kimya kama abiria wa matatu. Mtu akiingia humpa mkono kila aliyemo, mmoja baada ya mwingine, na kwa mzee hutumia mikono miwili na kumuuliza habari za nyumbani. Kisha anaketi, anatazama huku na huku, na kusema, "Mmefika wapi?" Basi mwenyekiti, kwa ukarimu wake, anaturudisha mwanzo. Siku hiyo kumbukumbu za kikao kilichotangulia zilisomwa mara tatu, na mama anayeuza samaki Kibuye, ambaye alimwachia jirani meza yake ili awahi saa nane, alizisikia zote tatu. Sijasahau uso wake. Tangu siku ile nimekuwa nikisema kwamba ukali hauko katika kuanza kwa wakati tu, maana kuna ukali mwingine ambao huwaangukia kimyakimya wale waliotii.

Kwa hiyo mara ya tatu nilikaa usiku mzima, au niseme tangu taarifa ya habari mpaka chai ya mwisho, nikaandika huu:

"Ndugu wanachama, kikao chetu cha Jumapili kitaanza saa nane kamili mchana (2:00) na kumalizika saa kumi, ili wenzetu wa Kibuye wawahi kufunga meza zao. Mvua, ibada na usafiri haviko mikononi mwetu. Ukikuta tumeanza, karibu uingie na uketi. Katibu atakueleza yaliyotangulia mara tu baada ya kikao. Ukijua mapema kwamba utakawia, tafadhali mjulishe katibu."

Tazama vile nilivyoteseka. Sentensi ya kwanza inakizungumzia kikao, haimzungumzii mtu, kwa sababu kikao hakina moyo wa kuumia. Saa ya kumaliza nimeiweka karibu na saa ya kuanza, pamoja na sababu yake, ili anayesoma aone kwamba muda unalindwa kwa ajili ya mama mwenye samaki na si kwa ajili ya cheo changu. Baada ya kutaja mvua nimeacha "lakini" na "hata hivyo" kabisa, maana mtu akishasikia "lakini" huyafuta yote mazuri yaliyotangulia. "Ukikuta tumeanza" ni tukio lilelile la "ukichelewa," ila la kwanza linasimulia utakachokiona ukifika, na la pili linakusimulia wewe. Nimesema pia ni nani atakayeeleza, kwa kuwa ukiandika tu "watafahamishwa" kila mtu hudhani ni kazi ya mwenzake. Na maneno "mara tu baada ya kikao" ndiyo yanayobeba mzigo wote, kwa sababu yanamwahidi mtu kwamba ataelezwa na wakati huohuo yanamwomba asiulize katikati. Ukiyaondoa, tumerudi kwenye kumbukumbu mara tatu.

Siku ilipofika tulianza saa nane tukiwa saba. Akidi yetu kwa mujibu wa katiba ya chama ni watu kumi, kwa hiyo hatukuweza kupitisha lolote, na hapa makatibu wengi hukata tamaa na kusubiri. Mimi nilikuwa nimepanga ajenda ili mweka hazina atangulie na taarifa ya michango na mikopo, ambayo ni ya kusikilizwa tu na haihitaji kura. Alipomaliza, saa nane na dakika 20, tulikuwa tumetimia kumi na mmoja, na mambo ya kuamuliwa yakafuata.

Saa nane u nusu mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale akitiririka maji ya mvua alikuwa Jakom mwenyewe, mwenyekiti wetu. Naibu wake, ambaye pia ni shemeji yake, alikuwa ndiye anayeongoza kikao, na nilimwona akishika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Mzee akanyoosha mkono amsalimu wa karibu, akiwa na nia njema ya kutumaliza sote kumi na mmoja. Nikasimama nikasema, "Karibu sana, Jakom, uketi upate joto, salamu zako tumezipokea sote, na nitakueleza tukimaliza." Kikawa kimya cha kusikika bati. Mzee akanitazama, akatazama mvua aliyotoka, akaketi karibu na mlango kama mgeni wa posa.

Tulipofunga nilimwendea kabla hajavaa kofia, nikamweleza kwa dakika nne: tuliloamua, linalomhusu yeye, na lililosubirishwa hadi mwezi ujao. Sikumsimulia nani alisema nini, kwa sababu ukianza hayo mtu ataanza kujibu, na kikao kitafunguliwa upya mlangoni. Mzee akanywa chai yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Katibu, umenieleza vizuri kuliko kama ningekuwepo."

Nilifurahi, kumbe ndiyo iliyokuwa balaa. Mwezi uliofuata watu sita walifika saa kumi kasorobo, wakatabasamu, wakaketi karibu na mlango na kungoja maelezo yao ya dakika nne pamoja na chai. Ukimpa mtu kuchagua kati ya kikao cha saa mbili na muhtasari wa dakika nne, unatarajia achague nini? Nami sikuwa na haki ya kulalamika, maana nilikuwa nimewaandikia karibu, wakakaribia.

Nilichobadilisha ni maneno machache. Badala ya "yaliyotangulia" nimeandika "yaliyoamuliwa," na baada yake nikaongeza: "Ukiwa na maoni kuhusu uamuzi uliopitishwa, yaandikie katibu yaingizwe katika ajenda ya kikao kijacho." Hakuna tishio lolote hapo, na soma utakavyosoma hutalipata. Maelezo nayo sasa huyatoa chai ikiwa imeshanywewa. Katika kikao kilichofuata ilipita hoja ya kupandisha mchango wa mwezi kutoka shilingi 500 hadi 700, na wale sita wa karibu na mlango walielezwa na mimi, kwa upole na kwa dakika nne, wakiwa na vikombe vitupu. Mmoja akasema angelipinga. Nikamjibu kwamba ningelifurahi kumsikia, na nikampa kalamu aandike.

Mwezi huu nilikuwa na haraka, mwanangu ana homa na tokeni za umeme zimekwisha, nikaandika mwaliko kwa mkato, "saa 8 kamili," bila neno mchana na bila ile 2:00 yangu ya kwenye mabano. Leo asubuhi napiga pasi shati la kwenda ibadani, simu ikalia. Alikuwa mwanachama wetu mdogo kuliko wote, kijana aliyejiunga mwezi uliopita.

"Katibu, shikamoo. Niko langoni tangu saa mbili kamili kama ulivyosema, na hapa hakuna mtu. Mmeshamaliza?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Bado hatujaanza. Karibu uketi, nitakueleza baada ya kikao."