Idd Mubarak kwa majirani zetu wa Pangani

Idd Mubarak kwenu nyote, majirani zetu wapendwa, kutoka kwetu sote nyumbani: Bibi, Baba, Mama na watoto wanne. Taqabbalallahu minna wa minkum, Mwenyezi Mungu atukubalie sisi pamoja nanyi. Salamu hizi ni za waliofunga na wasiofunga. Kabla ya kuwaombea dua, tuna neno moja tungependa kulisema, nalo ni kwamba salamu ya Idi inapendeza ifike mlangoni na chakula, ifike mapema, na kiwe chakula ambacho aliyepelekewa anaweza kukila siku hiyo.

Tuanze na fitri, chakula ambacho Muislamu humtolea mhitaji kwa ajili ya Idi, maana hiyo ni faradhi. Muislamu mwenye chakula cha kumtosha yeye na watu wake usiku na mchana wa Idi hutoa pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu aliye juu yake kumlisha. Hata mtoto mchanga hutolewa, mradi amezaliwa kabla jua la mwisho la Ramadhani halijatua. Kwa mizani ya siku hizi pishi hukadiriwa kilo mbili na nusu, na wapo wanaofikisha tatu ili kuondoa shaka.

Hapa Nairobi ni rahisi sana kupunguza bila kukusudia. Dukani mchele uko kwenye pakiti za kilo mbili, sokoni kuna gorogoro, ambayo nayo ni kama kilo mbili, na mtu hujihesabia pakiti moja kwa kila kichwa akaona amemaliza. Sisi tuko saba. Kwa hesabu hiyo tungetoa kilo 14, na kinachotakiwa ni kilo 17 na nusu. Zile tatu na nusu zilizobaki ni fitri ya mtu mmoja na zaidi, na kuna nyumba mahali ingezipika. Ndiyo maana tunanunua kilo 20 na kinachozidi tunakinuia sadaka. Na mchele uwe ule ule unaopikwa jikoni kwetu. Tukila pishori ya Mwea, hatuna uso wa kumpelekea mwenzetu chenga.

Wakati nao una uzito wake. Mwezi ni wa siku 29 au 30, na hakuna ajuaye mpaka jioni ya tarehe 29, watu wanaposubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Likija usiku, maduka yamejaa au yanafungwa, na asubuhi kila mtu anakimbilia swala, awe anakwenda Jamia au uwanja wa Sir Ali Muslim Club kule Ngara. Fitri ikiachwa katikati ya pilikapilika hizo hupitwa na swala, na Ibn Abbas amepokea kwamba inayotolewa baada ya swala huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, kwa hiyo kwetu mchele hutoka siku mbili tatu kabla. Tunamfikiria mama anayeupokea. Akiwa nao mapema, usiku wa kuamkia Idi anajua watoto wake watakula nini, naye anaandaa nyumba yake kama wengine. Ukimfikia mchana wa Idi, huenda tayari ameshakopa dukani.

Fitri, kwa tunavyofuata sisi, ni haki ya Waislamu wahitaji. Majirani wengine, na hao ndio wengi kwenye jengo letu, haki yao inapita kwenye sahani. Qurani imemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, wote wawili. Bibi Aisha alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ampelekee nani zawadi kati ya majirani wawili, akaambiwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Naye Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena kwa kurudia, kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Kwa hiyo sisi tunaanza na mlango wa mkabala, halafu ngazi kwa ngazi hadi kwa mlinzi wa geti.

Sasa mlango wa mkabala ni wa familia ya Kikatoliki, na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiingiliana na Kwaresima. Mwaka 2025 sehemu kubwa ya mfungo wetu ilikwenda sambamba na wao. Ukipeleka pilau ya mbuzi siku ya Ijumaa kwa mtu ambaye Ijumaa za Kwaresima hali nyama, umempa heshima na umemtia kwenye mtihani kwa mkono mmoja. Atapokea, atashukuru, atasema Mungu awabariki, na hutajua kamwe kwamba hakuila. Dawa yake ni kuuliza. Bibi yetu huuliza waziwazi wakikutana kwenye ngazi, siku kadhaa kabla.

"Mwanangu, na nyinyi mfungo wenu uko vipi wiki hii?"

"Shosho, Ijumaa nyama hatugusi. Siku zingine usijali, leta tu pilau."

Idi ikiangukia Ijumaa, mlango ule unapata mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi ziive vizuri, ndipo zinatiwa tui jepesi, na tui zito huja mwisho kwa moto mdogo ili lisikatike. Mahamri Mama huyakanda kwa tui la nazi na hiliki, bila maziwa wala mayai. Sahani hiyo hiyo inafaa kwa majirani zetu Wahabeshi wa Orthodoksi, ambao wakiwa kwenye mfungo wao mkubwa huacha nyama, maziwa, siagi na mayai, na inafaa kwa wale Wahindu wasiokula nyama. Ila mahamri yakaangwe kwanza, mafuta yakiwa safi. Yakikaangwa baada ya sambusa za nyama, kwa jirani asiyekula nyama hayaliki tena, hata kama kwa macho hayana tofauti yoyote.

Wako wanaoona maswali haya ni usumbufu, kwamba zawadi ni zawadi. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayejua jirani yake anafunga lini na hali nini, huyo ameshamsalimia kabla Idi haijafika.

Na sasa dua yetu kwa majirani. Ewe Mola wetu, wabariki watu wa jengo hili na mtaa huu, tunaoshirikiana nao ukuta, maji na ngazi. Mponye aliye kitandani, mpe subira aliyefiwa, mfungulie aliyepoteza kazi. Mlinde mlinzi wetu anayekesha ili sisi tulale, na mama mboga anayeamka kabla ya adhana kwenda Marikiti, na vijana wa boda wanaochelewa barabarani. Walee watoto wetu wote, wanaokwenda madrasa na wanaokwenda kanisani, wakue wakipendana. Utuepushe na chuki, uijalie Nairobi amani. Amin.

Sahani zitaanza kugongea milango tukirudi kutoka swala, kama saa nne hivi asubuhi. Anayetaka kuja kukaa nasi aje tu mchana, pilau itakuwa mezani, na mbaazi pia. Kama kuna kitu huli, mwambie Bibi mapema.