Nilivyomtunuku mwalimu wangu shahada ya uzamivu kwa mabano mawili tu

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu wa hosteli hakusubiri hata nitoke mlangoni. Nilipofika kwenye kibanda cha kikomando, muuza chapati aliniita "Mkuu wa Chuo". Sasa nisimulie mwenyewe, maana toleo linalozunguka linasema nililia. Sikulia. Jasho lilipita karibu na macho, basi.

Ilikuwa siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti wa uzamili. Shati la kuazima, kiatu kilichopigwa rangi hadi kwenye soksi. Mezani walikaa walimu wanne, na kati yao yule mama tunayemwita Madam, ambaye karatasi zake za mtihani hurudi na wino mwekundu kuliko wa kwako. Slaidi zilikwenda vizuri. Sura ya kwanza, sawa. Mapitio ya kazi tangulizi, sawa. Nikaanza kujiona profesa.

Madam akafungua ukurasa wa marejeo. Wenzangu mnaotetea mwezi ujao, mkiona mtu anaanza kusoma kitabu kutoka nyuma, ombeni ruhusa ya kwenda msalani.

"Nisomee hii ya saba," akasema.

Nikasoma jina, nikasoma mwaka, 2019, nikasoma kichwa.

"Na mabano."

"Tasnifu ya uzamivu, haijachapishwa, chuo chetu hiki, Madam."

"Halafu?"

"Halafu linki."

Mwenyekiti akanyanyua miwani. "Haijachapishwa, halafu linki ya nini? Umeipata wapi kama haijatolewa?"

Nikaeleza kwamba nimeipakua kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Akaniuliza tunatumia mwongozo gani. APA, toleo la saba. Basi, akasema, kwa APA ya saba tasnifu iliyowekwa kwenye hifadhi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua huhesabiwa kuwa imechapishwa. Neno "haijachapishwa" ni la ile uliyoikuta rafuni imejalidiwa, au uliyopewa mkononi na mwandishi. Hapo ndipo jina la chuo hutoka ndani ya mabano na kukaa nje, mahali pa mchapishaji. Mimi nilikuwa nimechanganya mapishi mawili kwenye sufuria moja.

Hilo lilikuwa dogo. Ningelimeza na kuendelea. Lakini Madam hakuwa amemaliza.

"Huyu mwandishi unamfahamu?"

"Hapana, Madam. Lakini nimemsoma sana."

"Unamwonaje?"

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo mtu mwenye akili hujibu "ni mzuri" na kunyamaza. Mimi nikavuta pumzi. Nikasema kazi yake ina kina ambacho hukipati kwenye tasnifu za uzamili. Nikasema, na mdomo huu, unaona kabisa kwamba hapa ameandika daktari.

Feni ya dari ilikuwa na kitu kilicholegea. Tik. Tik. Tik. Mwalimu wa fonolojia aliitazama feni kana kwamba ndiyo inayotetea. Mwenyekiti alianza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Nyuma, mtu alijifanya anakohoa, na sasa hivi nyote mnajua ni nani.

Madam akafunga pendekezo langu polepole, akaweka viganja vyote viwili juu ya jalada.

"Huyo daktari," akasema, "ni mimi."

Kwa wasiomjua: jina lililo kwenye tasnifu ni la kwa baba yake, kabla ya ndoa. Na kwa wasioijua idara yetu: Madam anasoma uzamivu wake mwaka wa tisa sasa. Ni jambo ambalo halitajwi. Watu hupita mbali nalo kama unavyopita mbali na mbwa aliyelala. Mimi nililiweka kwenye slaidi, herufi za ukubwa wa ishirini na nne.

"Kwa hiyo nilihitimu 2019?" akauliza. "Tena hapa? Mbona hamkuniita kwenye mahafali yangu?"

Ukweli ni kwamba tasnifu ile ni ya uzamili, aliiandika 2008, kwenye chuo cha ng'ambo ya ziwa. Nilipata vipi makosa matatu kwenye mstari mmoja? Nilifanya usomi wa haraka. Ukurasa wa kawaida wa hifadhi unaonyesha maelezo machache, nikaona nibonyeze rekodi kamili, maana inaonekana ya kitaalamu zaidi. Ikatoka hivi:

```
dc.date.accessioned  2019-08-14T09:12:40Z
dc.date.available    2019-08-14T09:12:40Z
dc.date.issued       2008
dc.type              Thesis
```

Mimi nikachukua tarehe ya juu. Ile ni siku ambayo mkutubi aliingiza faili kwenye mfumo. Mwaka wa tasnifu ni ule wa `issued`, tena hata huo unaulinganisha na ukurasa wa jina. Kisha nikaona `Thesis`. Kwetu Uganda tumezoea kuita ya uzamili "dissertation" na ya uzamivu "thesis", kwa hiyo nikampandisha cheo papo hapo. Kumbe mfumo huandika `Thesis` kwa ngazi zote, na Wamarekani, ambao ndio wenye APA, hutumia maneno hayo mawili kinyume na sisi. Na chuo? Kwenye `dc.publisher` kulikuwa na jina la chuo chetu, nikaridhika. Kumbe hifadhi ya chuo hupokea pia kazi walizofanya walimu wake walipokuwa wakisoma kwingine. Ndani ya mabano anakaa aliyetoa shahada. Mwenye hifadhi anakaa nje.

Yote haya yalikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili: "tasnifu iliyowasilishwa ili kutimiza sehemu ya masharti ya kutunukiwa shahada ya uzamili", jina la chuo, mwezi, mwaka. Sikuufungua. Nilitafuta neno nililolihitaji, nikarukia katikati, nikanakili aya, nikaondoka. Kama mgeni anayeingia kwa dirisha halafu anauliza hii nyumba ya nani.

Madam aliniandikia mstari wenyewe pembeni, kwa ule wino:

```
Jina, A. (2008). Kichwa cha tasnifu [Tasnifu ya uzamili, Chuo kilichotoa shahada]. Jina la hifadhi. https://hdl.handle.net/...
```

Linki nayo aliikata. Nilikuwa nimebandika ile ndefu ya kupakulia faili, yenye `bitstream` katikati; mfumo ukihamishwa toleo, ile inaweza kufa. Ile ya `handle` imetengenezwa ili idumu hata faili likihama. Nikauliza kama nibadilishe na jina liwe la sasa. Akanitazama. Jina ni lililo kwenye jalada, akasema, na nisimwoze kabla ya wakati.

Nilipita, na marekebisho. Wiki mbili. Mengine hayana maana.

Kundi la darasa limebadilishwa jina, sasa linaitwa "Wahitimu wa 2019". Watu watatu wameniomba niwatunuku, mmoja anataka udaktari wa heshima na yuko tayari kulipa kwa simu. Nimenyamaza.

Leo asubuhi nikakutana na Madam kwenye ngazi. Nikasogea pembeni, nikainamisha kichwa, nikaanza "Shikamoo…" Akaniwahi.

"Shikamoo, Mkuu wa Chuo. Joho langu limefika?"